Barua ya kwanza kwa mnunuzi wa mbali: mwongozo kwa mwenyekiti wa ushirika wa viungo Pemba

Maswali ni yaleyale kila msimu. Tumepata namba ya kiwanda Dar es Salaam kinachosaga viungo, tuwaandikie nini? Tutaje bei? Tuseme tuna mzigo kiasi gani? Wenyeviti wanaouliza hivi mara nyingi wana mali nzuri ghalani, lakini barua zao hazijibiwi, au hujibiwa mara moja kisha kimya. Nimezisoma nyingi kwa sababu mimi ndiye ninayeombwa kuzipitia, na kasoro yao kubwa haiko kwenye Kiswahili chao. Zimeandikwa kabla ushirika haujajua una nini cha kuuza.

Hapa nitachukua zao moja, manjano makavu, na mnunuzi mmoja, kiwanda cha kusaga na kufungasha kilichoko Dar. Kama mnalima pilipili manga au mdalasini, hatua hazibadiliki, hesabu ndiyo itabadilika. Karafuu iache kabisa. Mnunuzi wake kisheria ni shirika la serikali la ZSTC peke yake, makonyo nayo hayauzwi kwa mtu binafsi, na barua ya ushirika inayomtajia mnunuzi wa Bara karafuu ni ushahidi wa magendo ulioutia saini mwenyewe.

Uwe na haya kabla ya kushika kalamu

- Muhtasari wa kikao cha kamati unaoruhusu barua iandikwe, wenye saini
- Cheti cha usajili wa ushirika, na nakala yake
- Akaunti ya benki yenye jina la ushirika, si ya mwenyekiti wala ya mshika fedha
- Mizani inayosoma sawa (ipime kwa mfuko wa kilo moja wa sukari ambao haujafunguliwa)
- Daftari la wanachama na kiasi cha manjano cha kila mmoja
- Sampuli ya mavuno ya mwaka huu
- Namba moja ya simu ambayo mwenyewe huipokea, na anwani ya barua pepe inayofunguliwa kila siku

Hiyo akaunti isikupite. Mnunuzi wa mbali akiona jina la mtu mahali palipotakiwa jina la ushirika, huiweka barua kando na huna habari kwa nini.

Hatua ya 1: Kubalianeni nani ataacha mzigo ghalani

Hatua hii haiandikwi kwenye barua, lakini barua yote imeikalia.

Manjano huvunwa mara moja kwa mwaka. Unapanda na masika, majani yanakauka baada ya miezi minane au tisa, unachimba Januari na Februari wakati wa kaskazi, unachemsha na kuanika kabla mvua hazijarudi. Mnunuzi anayetaka mzigo wa kudumu anataka upatikane Mei, Julai, Septemba na kuendelea. Kwa hiyo kumpa mtu mzigo wa mwaka mzima maana yake ni kuuweka. Na kuuweka maana yake mwanachama aliyechimba Januari huenda asione fedha yake ya mwisho mpaka Januari nyingine.

Waulize wanachama hili wazi, mbele ya wote. Mwenye mtoto anayeanza skuli Januari hawezi kungoja, na hana kosa. Njia ninayoiona ikifanya kazi ni kila mwanachama aseme mwenyewe sehemu atakayoiacha ghalani, hata ikiwa nusu au robo ya mavuno yake. Nyingine auze atakapo, Chake, Wete au kwa mchuuzi anayepita, bila kuonekana msaliti. Anachoacha kinapimwa siku hiyo, kinaandikwa daftarini na anapewa stakabadhi. Kila mzigo ukiuzwa, fedha zinagawiwa kwa uwiano wa stakabadhi, kila mtu anapata kidogo katika kila safari. Msigawe kwa zamu, mara hii mzigo wa fulani na mara ijayo wa fulani, kwa sababu wa mwisho ndiye atakayebeba hasara ya fukusi na unyevu wa ghala.

Kama wanachama hawako tayari kuacha chochote, bado mnaweza kuuza, lakini andikeni barua ya kuuza mzigo mmoja. Msiandike neno kudumu.

Hatua ya 2: Pigeni hesabu ya kile mnachoweza kukiahidi

Kwanza tafuteni uwiano wenu wenyewe wa mabichi na makavu. Pima kilo 10 za manjano mabichi yaliyooshwa, chemsha, anika mpaka yakauke kabisa, pima tena. Kwa kawaida hubaki baina ya kilo 2 na 2.5. Utajua yamekauka ukikivunja kidole kimoja cha manjano: kinakatika kwa mlio mkali kama wa kitu cha chuma, na ndani rangi ni moja mpaka katikati. Kikipinda kabla ya kukatika, bado. Vidole na vile vinene vya katikati vichemsheni mbali mbali, maana vinene huchelewa kuiva, na mkivichanganya mtakuwa na vidole vilivyopoteza rangi na vinene vyenye kiini kigumu.

Sasa mfano. Tuseme ushirika wa watu 32 unatarajia kuchimba kilo 12,000 za mabichi.

Mbegu ya masika yanayofuata, toa 2,000. Watakayouza wanachama wenyewe yakiwa mabichi, kwa makubaliano ya hatua ya 1, toa 1,000. Zimebaki 9,000. Kwa uwiano wa tano kwa moja, hizo ni kilo 1,800 makavu. Uchambuzi huondoa vilivyovunjika, vilivyoungua na vyenye kiini cheupe, tuseme sehemu moja ya kumi, zinabaki 1,620. Halafu weka kando kama kilo 300 kwa mvua itakayowahi na kwa mwanachama atakayebadili mawazo. Unaloweza kuahidi ni kilo 1,300 hivi.

Gawa kwa miezi kumi upate kilo 130 kwa mwezi. Huo ni mzigo usiolipa nauli yake. Lakini ukipeleka kila baada ya miezi miwili, una magunia 5 ya kilo 50, yaani kilo 250, mara tano: Mei, Julai, Septemba, Novemba na Januari. Jumla 1,250, na kilo 50 zinabaki za sampuli na za kufidia upungufu.

Hiyo ndiyo ahadi. Magunia matano kila miezi miwili. Mwenyekiti akishikwa na hamu huandika tani moja kwa mwezi, na mnunuzi anayejua kazi yake huuliza mna ekari ngapi, akapiga hesabu hiyohiyo kwenye simu, mazungumzo yakaishia hapo.

Hatua ya 3: Tengenezeni sampuli ya kweli

Kosa la kawaida ni kuchagua vidole virefu vyenye rangi kali na kuvituma. Mnunuzi atavipenda, mzigo utakuja haufanani navyo, naye ana sampuli mkononi ya kukukatalia.

Fungua kila gunia, chukua konzi moja juu, moja katikati, moja chini. Mimina zote juu ya turubai safi, changanya, tandaza duara, kata mafungu manne kwa ubao. Ondoa mafungu mawili yanayotazamana, changanya yaliyobaki, kata tena, mpaka zibaki kilo 2. Kilo moja itakwenda kwa mnunuzi, nyingine inabaki kwenu. Zote mbili ziwekwe kwenye vyombo vyenye kifuniko kinachobana, zipachikwe karatasi yenye tarehe ya kuvuna, tarehe ya kuchukua sampuli na saini za watu wawili. Ile iliyobaki ifungieni kabatini. Siku mnunuzi akisema mzigo si kama sampuli, hiyo ndiyo itakayowaamua.

Usitumie mfuko wa rambo. Mifuko hiyo imekatazwa Zanzibar, na Bara tangu 1 Juni 2019, na hata kama ingeruhusiwa, manjano hutoka jasho ndani yake.

Hatua ya 4: Mjue mtu utakayemwandikia

Barua iliyoandikwa kwa "Mkurugenzi" hulala mapokezi. Piga simu kiwandani, jitambulishe, uliza jambo moja: nani anashughulikia ununuzi wa malighafi, na anapokea barua kwa njia gani. Usianze kuuza kwenye simu hiyo. Ukiunganishwa naye papo hapo, mwambie utamwandikia na sampuli iko njiani, basi.

Hatua ya 5: Andika, ukurasa mmoja

Barua hii inaomba kikao tu. Kila sentensi ijibu swali analojiuliza mtu wa manunuzi: hawa ni nani, wana nini, kiasi gani, lini, na wanataka nini kwangu.

Bei usiitaje. Ukiitaja, barua inakuwa nukuu ya bei, na ataiweka kando ya bei ya manjano ya Tanga na Morogoro ambayo hufika kwake kwa lori bila kuvuka bahari. Hapo umeshindwa kabla hujaonana naye. Nyumbani, hata hivyo, kaeni mjue bei ambayo chini yake hamuuzi, mkihesabu kuni, vibarua wa kuchambua, magunia na nauli ya boti. Iandikeni kwenye muhtasari wa kikao, ibaki humo.

Malipo ya awali nayo yasiombwe kwenye barua hii. Ni haki kuyazungumza, lakini mezani, baada ya yeye kuona mali.

Usiandike "kilimo hai" kama hamna cheti. Elezeni mnachofanya: hatutii mbolea za viwandani wala dawa. Na sentensi moja kuhusu rangi ni muhimu kuliko unavyodhani. Kuna nchi ambako manjano yamekutwa yamepakwa rangi ya njano yenye madini ya risasi ili yang'ae, na wanunuzi wameingiwa na hofu hiyo. Semeni hamtii rangi, na kwamba yuko huru kuyapima.

Mfano wa barua, weka yenu penye nukta:

> Ushirika wa Wakulima wa Viungo ...........
> Shehia ya ..........., Wilaya ya Wete
> S.L.P. ..., Pemba
> Simu: ...........
>
> Kumb. Na. ...../2026/01
> 25 Machi 2026
>
> Ndugu ...........
> Ofisa Ununuzi
> ..........., Dar es Salaam
>
> KUH: OMBI LA KIKAO CHA KWANZA KUHUSU UPATIKANAJI WA KUDUMU WA MANJANO MAKAVU
>
> Assalaam alaykum. Kwa heshima, ninakuandikia kwa niaba ya wanachama 32 wa ushirika wetu, kufuatia kikao cha kamati cha tarehe 18 Machi na mazungumzo mafupi ya simu tuliyofanya jana.
>
> Tunalima manjano na kuyachemsha na kuyakausha wenyewe. Mavuno ya mwaka huu yamekwisha kukaushwa na kupimwa, na yako katika ghala moja. Vidole na vinene vimetengwa. Tunaanika juu ya vichanja, si ardhini. Hatutii rangi wala kitu chochote, na mko huru kuyapima.
>
> Kiasi tunachoweza kukitoa bila wasiwasi ni magunia 5 ya kilo 50 kila baada ya miezi miwili, kuanzia Mei 2026 hadi Januari 2027, jumla kilo 1,250. Kiasi hiki kinatokana na mavuno yaliyopo ghalani, si makadirio ya shamba.
>
> Tunaomba kikao cha muda wa saa moja hapo kiwandani kwenu, Jumanne tarehe 14 Aprili au Jumatano tarehe 22 Aprili, saa 4 asubuhi, au siku nyingine mtakayoona inafaa. Tungependa tuzungumze mambo manne: ubora mnaoutaka na namna mnavyoupima, mzani upi utakaohesabika, wa Pemba au wa kwenu, nani anagharamia usafiri kutoka bandari ya Mkoani, na utaratibu wa malipo. Tutakuja watu wawili kwa gharama zetu.
>
> Tumekutumia kilo moja ya sampuli, iliyochukuliwa kutoka kila gunia. Nyingine kama hiyo tumeihifadhi hapa.
>
> Tunashukuru, na tunasubiri jibu lako.
>
> (saini)                (saini)
> Mwenyekiti         Katibu
> (muhuri)

Ona kilichokosekana. Hakuna historia ya ushirika tangu kuasisiwa, hakuna "tuna uzoefu mkubwa", hakuna orodha ya mdalasini, iliki, tangawizi na asali kwa pamoja. Zao moja likisimama, mengine yatazungumzwa baadaye.

Suala la mzani nalitilia mkazo kwa sababu ndiko ugomvi wa kwanza unakotokea, na watu huudhania wizi. Manjano yenye unyevu wa asilimia 14 yakipakiwa Pemba kilo 100, yakaendelea kukauka mpaka asilimia 10 kwenye ghala la Dar, yatapimwa kilo 95 na nusu. Hakuna aliyeiba. Maji yameondoka. Wanunuzi wengi hutaka unyevu usizidi asilimia 10 hadi 12, kwa hiyo ukikausha sawasawa kabla ya kupakia, tofauti hiyo hupungua yenyewe, na ikibaki ndogo mnakubaliana mapema nani anaibeba.

Hatua ya 6: Chagua mahali na siku kwa akili

Wenyeviti wengi hupenda kumwalika mnunuzi aje Pemba aone shamba. Ni ukarimu, lakini magunia matano hayamtoi mtu Dar akapanda boti mbili. Kwa kiasi hiki wewe ndiye mgeni. Mwalike aje msimu ujao wakati wa kuchemsha, maana hapo ndipo kuna la kuona.

Siku ziwe mbili, ziachane angalau wiki, na zote ziwe siku za kazi. Tazama kalenda za pande zote mbili. Epuka Ramadhani na siku za Idi, epuka 7 Aprili na 26 Aprili ambazo ni sikukuu, na kumbuka watu wa Bara wengi husafiri Pasaka. Msimu wa karafuu nao usisahau, kwa sababu hapo wanachama wako wote wako juu ya mikarafuu na hutapata wa kukusaidia kupakia chochote. Upepo wa kusi ukishaanza, boti huweza kuchelewa au kuahirishwa, basi fika Dar siku moja kabla. Ukichelewa kikao cha kwanza, yule mnunuzi hatapata shida kukisia mizigo yako itakavyokuwa.

Peleka watu wawili, wewe na yule anayeshika ufunguo wa ghala. Si mshika fedha na ndugu yake. Mshika ghala ndiye anayeweza kujibu ghala lina milango mingapi, magunia yamewekwa juu ya mbao au sakafuni, na mara ya mwisho lilifagiliwa lini.

Hatua ya 7: Saini, tuma, andika daftarini

Saini ziwe mbili na muhuri uwe mmoja, usipige muhuri juu ya maandishi. Nakala iliyosainiwa ipige picha kwa programu ya simu inayotengeneza PDF, juu ya meza penye mwanga, usitume picha ya kivuli cha mkono wako. Itume kwa barua pepe na uweke kwenye kichwa cha ujumbe maneno yaleyale ya KUH. Barua yenyewe iende pamoja na sampuli, ndani ya boksi lililofungwa vizuri, kwa Posta au kwa boti. Ukimpa mtu anayesafiri, andika jina la mpokeaji na namba yake juu ya boksi, na mtake apokee kwa saini.

Hapohapo pita ofisi ya kilimo ya wilaya na bandarini uulize karatasi gani zitatakiwa mzigo wenyewe ukianza kwenda, ukianzia na cheti cha afya ya mimea. Usingoje Mei gunia likiwa limekaa gatini ndipo uulize.

Baada ya siku tano za kazi, piga simu mara moja. Swali ni moja tu: sampuli imefika salama?

Matatizo na dawa zake

*Hajajibu.* Ukishapiga ile simu na wiki mbili zikapita, tuma ujumbe mfupi ukirejea Kumb. Na. ya barua na kupendekeza tarehe mpya. Usitume barua nyingine ndefu. Akinyamaza tena, andika kwa kiwanda cha pili, mzigo upo na unazeeka.

*Anauliza bei kwa simu.* Hutakwepa kila mara, na ukikwepa sana utaonekana huna nia. Mjibu kwamba bei inategemea unyevu anaoutaka, nani analipa usafiri na analipa baada ya siku ngapi, na kwamba utakuja na bei kamili kwenye kikao. Akisisitiza, mpe bei ya manjano yakiwa ghalani kwenu, na useme hivyo wazi: "hapa Pemba, kabla ya nauli." Usitaje bei ya kuyafikisha mlangoni kwake kama hujaijua nauli.

*Anataka tani moja kila mwezi.* Mwambie kiasi chenu ni kile mlichoandika. Wapo wanaokimbilia kununua kwa wachuuzi ili kujazia. Mzigo huo umechemshwa na mtu usiyemjua, umeanikwa usikokujua, na sampuli mliyotuma haiuhusu. Kama ushirika jirani una manjano, waambieni waandike wao, au muende pamoja, kila mzigo na jina lake.

*Anasema sampuli imefika na ukungu.* Fungua ile iliyobaki mbele ya kamati. Ikiwa nayo ina ukungu, mzigo wote haujakauka na hakuna kikao cha kwenda. Toeni magunia yote, anikeni upya juu ya vichanja, chambueni, chukueni sampuli nyingine, mwandikieni ukweli huo. Vyenye ukungu tupeni, visisagwe vikauzwa kwa majirani. Ikiwa ya kwenu ni safi, basi maji yameingia safarini. Tuma nyingine katika chombo kinachobana zaidi.

*Anataka mtume magunia yote kwanza, atalipa yakishauzwa.* Hapana. Mzigo wa kwanza unaweza kuwa gunia moja la majaribio, likalipwa, ndipo mengine yafuate.

*Anataka mlipe fedha ya "usajili wa wasambazaji" kabla ya kikao.* Mnunuzi wa manjano hulipa, halipwi. Acha kujibu, na waarifu wanachama namba iliyopiga ili asimpate katibu au mshika fedha kwa mlango wa nyuma.

*Anauliza kama mnaweza kumtafutia na karafuu.* Mjibu kwa maandishi kwamba karafuu zinauzwa na ZSTC na aende kwao. Weka nakala ya jibu hilo kwenye faili.

*Amekubali kikao, lakini wanachama wameanza kutoa manjano yao ghalani.* Hili hutokea bei ya sokoni ikipanda. Pima kilichobaki siku hiyohiyo. Kama magunia 25 hayatimii, mpigie mnunuzi kabla hujasafiri, mpe idadi mpya, na mwulize kama bado anakitaka kikao. Wengi husema ndiyo kwa magunia 15. Asilosamehe mtu ni kuambiwa 25 mezani, halafu Septemba yakaja mawili.